Somo: kufasiri ripoti ya ajali kwenda Kiingereza, usihamishe siku wala mguu

Asalaam alaykum wenzangu. Mie nafasiri ripoti za hoteli huku Nungwi, hedi ofisi iko Ulaya na wale wanachokijua ni hicho ulichowaandikia tu. Mfano huu hapa, kaandika mlinzi:

"Usiku wa Ijumaa saa mbili kasorobo fundi kateleza ngazi za jenereta, kaumia mguu. Eti dizeli ilimwagika."

1. Anza na siku. Saa mbili kasorobo ni 19:45, hapo wengi hawakosei. Mtego uko kwenye Ijumaa. Kwa siye siku inaingia magharibi, kwa hivo usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama, ukiandika `Friday` kule watafungua daftari la zamu la Ijumaa wamsumbue mtu aliekuwa kalala kwao. Lakini wapo, hasa waliotoka bara, usiku wa Ijumaa kwao ndo Ijumaa yenyewe. Usikisie, piga simu. Mie nilimuuliza "kabla ya sala ya Ijumaa au baada?" akasema kabla, nikaandika `Thursday, 19:45 (UTC+3)`.

2. Mguu. Wetu unaanzia pajani mpaka vidoleni, Kiingereza kinakulazimisha uchague `leg` au `foot`. Kuuliza, kumbe kifundo, `ankle`.

3. Eti. Mlinzi hakuiona dizeli, kasikia kwa watu, na hiyo eti ina shaka ndani yake. Ukiitupa, tetesi inageuka sababu ya ajali. Weka `reportedly`, halafu eleza kuwa yeye hakuona.

4. Vyote ulivyovipata kwa simu vitie kwenye mabano ya mraba, wajue hayo si maneno ya mlinzi. Kisha mpe mwenzio asieiona ripoti ya asili, asome Kiingereza chako akusimulie kwa Kiswahili. Akikwambia dizeli ndo imemuangusha fundi, rudi ukarekebishe.

MASWALI

Swali: Meneja kanambia niitoe hiyo eti ripoti ionekane safi, nifanyeje?
Jibu: Usiitoe bwana. Mwambie aandike maoni yake chini, kwa jina lake, nawe utayafasiri vilevile.

Swali: Mpishi kaandika "kaunguzwa mkono", hajasema na nani. Si niandike tu kaungua?
Jibu: La, si sawasawa. Kaungua inaweza kuwa mwenyewe na sufuria yake, kaunguzwa kuna mtu au kitu kimemuunguza. Kiingereza nacho kina namna ya kusema kafanyiwa bila kumtaja mfanyaji, tumia hiyo, usimtafutie mkosa. Na mkono nao uulize kama mguu, ni kiganja au juu yake.

Swali: Na "saa nane za usiku kuamkia Jumamosi"?
Jibu: Hiyo haina utata, Jumamosi 02:00. Natamani wote wangeandika hivo.