Eti watoto chini ya miaka 16 hawahitaji kitu kuingia Kenya?

Kila Desemba ikikaribia, magrupu ya WhatsApp ya watu wa Malindi walioko nje hurudia meseji ileile: mume mgeni atalipa dola 50 akishuka Mombasa, watoto chini ya miaka 16 bure. Na aliyeituma si mwongo, maana kuna wakati ilikuwa hivyo kweli, shida ni tarehe imeanguka njiani meseji ikipitishwa mkono kwa mkono.

Viza ya kulipia eapoti iliisha mwanzo wa 2021. Ikabaki ya mtandaoni, kwa evisa.go.ke. Januari 2024 hiyo pia ikaondolewa, ikaja eTA, kibali cha kusafiri kinachotolewa mtandaoni, inaombwa etakenya.go.ke, na hapo ndipo watoto waliguswa, hata wa kubebwa mgongoni anatakiwa awe na yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja dola 50 za eapoti jua anazungumzia kabla ya 2021, akitaja evisa ni kabla ya 2024, huna haja ya kubishana naye.

Tuseme dada wa Malindi ameolewa Uingereza, ana paspoti yake ya Kenya na haijaisha, mumewe na watoto wawili wana za Uingereza. Yeye haombi chochote. Wale watatu kila mmoja aombe eTA yake, angalau siku tatu za kazi kabla ya safari, mi ningeomba wiki mbili mapema. Lakini watoto hao kwa kifungu cha 14 cha Katiba ni raia wa Kenya hata kama wamezaliwa London, kwa sababu mama ni raia, kwa hiyo wakishatolewa paspoti za Kenya kupitia ubalozi eTA haiwahusu tena. Hiyo lakini si kazi ya wiki ya safari, ianzeni mapema.

Wengi hufikiri watabembelezana na afisa Mombasa. Hamfiki huko. Anayewazuia ni yule wa kaunta ya ndege hukohuko Uingereza, anaangalia masharti kwenye sistimu yao inaitwa Timatic, eTA ya mtoto isipoonekana begi halipandi, hata umuonyeshe voisi noti ya shangazi.

Ukurasa wa ubalozi nao usiuamini kwa sababu tu una nembo ya serikali, kuna kurasa zimekaa miaka bila kuguswa. Ukikuta unapishana na etakenya.go.ke, fuata etakenya halafu waandikie ubalozi imeili, jibu lao uliprinti ubebe.

Na unapogoogle, majina ya juu mara nyingi ni matangazo ya madalali, wanajaza fomu ileile kwa bei kubwa zaidi. Angalia adresi mpaka kwenye mkwaju wa kwanza baada ya jina: lazima iishie .go.ke, pamoja na nukta ya mbele. Ikiwa ni etakenya.go.ke halafu inaendelea nukta kitu kingine com, funga, kadi yako usiitoe.