Bajeti ya idara isiyojua mwezi ujao utaleta kazi kiasi gani: mfano wa maabara ya hospitali

Maabara ya hospitali haichagui wateja. Mvua za masika zikipita na malaria ikipanda, foleni ya sampuli inajaa hadi nje. Miezi ya kiangazi mashine inawashwa kwa ajili ya watu wachache. Hata hivyo kila mwaka mhasibu anamwomba mkuu wa maabara namba moja, anaigawa kwa 12, na kila mwisho wa mwezi wanaanza kulaumiana.

Njia tatu zinazotajwa kila mara ni bajeti isiyobadilika, bajeti nyumbufu na bajeti ya kuanzia sifuri. Wengi huzipanga kama bidhaa tatu dukani, uchague moja. Mimi naona kila moja inajibu swali lake, kwa hiyo tuzipitie kwa namba. Namba hizi ni za mfano, lakini mpangilio wake ni ule utakaoukuta kwenye daftari lolote la maabara.

Hatua ya 1: Chagua kipimo cha kazi

Tafuta kitu kimoja kinachozisukuma gharama. Kwa dobi ni kilo za nguo, kwa usafiri ni kilomita. Maabara ni idadi ya vipimo, ila usihesabu kienyeji: kipimo cha haraka cha malaria na picha kamili ya damu havigharimu sawa. Kipe kila kipimo uzito. Kama kimoja kinakula vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, mara tatu ya kingine, kihesabu kuwa vitatu. Ukiruka hapa, mwezi wenye vipimo vingi vya bei ndogo utaonekana una nidhamu kumbe ni mchanganyiko tu uliobadilika.

Hatua ya 2: Tenganisha gharama

Mishahara Sh 9,000,000 kwa mwezi na mkataba wa matengenezo ya mashine Sh 1,500,000 ni gharama za kudumu. Vitendanishi na vifaa vya kutumika mara moja ni Sh 3,000 kwa kila kipimo. Umeme, maji na malipo ya saa za ziada ni mchanganyiko: sehemu yake ipo hata bila mgonjwa, sehemu inafuata kazi.

Kuutenganisha mchanganyiko huo, chukua mwezi wenye kazi nyingi zaidi na wenye kazi ndogo zaidi. Tuseme vipimo 5,600 viligharimu Sh 2,960,000, na vipimo 3,100 viligharimu Sh 1,960,000. Vipimo 2,500 vya ziada vimeleta Sh 1,000,000 ya ziada, yaani Sh 400 kwa kipimo. Vipimo 5,600 mara Sh 400 ni Sh 2,240,000. Kinachobaki, Sh 720,000, ndicho cha kudumu. Kabla ya kuitumia miezi hiyo miwili hakikisha haina kituko, kama jenereta kufanya kazi wiki nzima, kwa sababu njia hii inaitegemea miezi miwili tu.

Sasa una kanuni ya maabara nzima: Sh 11,220,000 kwa mwezi, jumlisha Sh 3,400 kwa kila kipimo.

Hatua ya 3: Andaa bajeti isiyobadilika, uone inapokosea

Ukitarajia vipimo 4,000, bajeti ni Sh 24,820,000. Mwezi unaisha, vipimo ni 5,200 na matumizi ni Sh 29,840,000. Bajeti hii inasema umezidisha Sh 5,020,000, na mkuu wa maabara anaitwa kujieleza.

Huo ni upande unaopiga kelele. Upande wa hatari zaidi ni ule wa kimya. Mwezi mwingine vipimo vikawa 3,200 na matumizi Sh 23,300,000. Ripoti inaonyesha akiba ya Sh 1,520,000, na hakuna anayeuliza kitu.

Hatua ya 4: Irekebishe bajeti kwa kazi iliyofanyika kweli

Hii ndiyo bajeti nyumbufu. Kwenye Excel weka gharama za kudumu safu ya B, gharama kwa kipimo safu ya C, na idadi halisi ya vipimo kwenye F1:

```
=B2+C2*$F$1
```

Nakili kushuka chini kwa kila mstari wa gharama. Kwa vipimo 5,200 bajeti inakuwa Sh 28,900,000. Kati ya ile Sh 5,020,000, Sh 4,080,000 ni kazi iliyoongezeka tu. La kuulizia ni Sh 940,000. Ukishuka mstari kwa mstari: umeme na wenzake walitumia Sh 100,000 pungufu, vitendanishi vikazidi Sh 1,040,000, ambayo ni Sh 200 kwa kila kipimo. Hapo sasa unaweza kwenda bohari na swali lenye kichwa na miguu: bei imepanda, au sampuli zinarudiwa?

Ule mwezi wa "akiba" unageuka kabisa. Vipimo 3,200 vilistahili Sh 22,100,000, kwa hiyo maabara ilizidisha Sh 1,200,000.

Ila usikimbilie kumshika mtu. Mashine ya damu hupimwa usahihi wake kwa sampuli za udhibiti kabla ya kazi, wakija wagonjwa 10 au 100. Tena baadhi ya vitendanishi vikishafunguliwa vina siku chache za kutumika, na wagonjwa wakiwa haba vinamwagwa. Maana yake, sehemu ya vitendanishi ni gharama ya kudumu iliyojificha ndani ya ile Sh 3,000. Dalili ni hii: gharama kwa kipimo inapanda kila vipimo vinapopungua. Ukiiona miezi kadhaa mfululizo, rudi hatua ya 2 na uvitenganishe vitendanishi kama ulivyotenganisha umeme.

Hatua ya 5: Tumia kuanzia sifuri pale inapofaa

Njia hii iliandikwa na Peter Pyhrr, aliyekuwa Texas Instruments, mwaka 1970, na Jimmy Carter akaipeleka kwenye serikali ya jimbo la Georgia alipokuwa gavana. Kila shughuli inajitetea upya, kana kwamba mwaka jana haukuwepo, kisha zinapangwa kwa umuhimu hadi fedha ziishe.

Ukimaliza kazi yote hiyo bado unatoka na namba moja kwa mwaka. Masika yakizidi, nayo inakwama kama bajeti isiyobadilika. Kwa hiyo haitibu tatizo la kazi isiyotabirika. Inafaa kwa ile Sh 11,220,000 ya kudumu: je, bado tunahitaji mkataba wa mashine mbili? Zamu ya usiku iwe na watu wawili, au mmoja akiwa wa kuitwa? Fanya hivyo kila baada ya miaka michache, maana inakula muda wa watu ambao wana sampuli za kupima.

Hatua ya 6: Weka mipaka

Chaguo langu kwa idara kama hii ni bajeti nyumbufu kwa kumpima mkuu wa idara kila mwezi. Andika juu ya jedwali kwamba kanuni inashika kati ya vipimo 3,100 na 5,600, yaani pale ulipoipatia data. Ukivuka hapo pengine unahitaji mteknolojia mwingine, na mshahara wake hauingii kidogo kidogo. Gharama inaruka mara moja. Tengeneza safu ya pili yenye gharama mpya za kudumu.

Bajeti isiyobadilika usiitupe, iache kwa mtunza fedha. Bajeti nyumbufu inaruhusu matumizi, lakini haiweki shilingi benki. Wagonjwa wa bima wakijaa mwezi huu, vitendanishi vinanunuliwa leo na malipo ya bima yanakuja baadaye. Kwa hiyo kadiria mwezi mbaya kabisa, tuseme vipimo 5,600, ambavyo ni Sh 30,260,000, kisha toa Sh 24,820,000 ya mwezi wa kawaida. Hiyo Sh 5,440,000 ombeni itengwe kabla masika hayajaanza, na itolewe tu kwa daftari la vipimo lililosainiwa.