Somo: Mtoto Mwenye Shoto Anapoanza Kuandika – Karatasi, Penseli na Mahali pa Kukaa

Mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto ana tatizo ambalo mwenzake wa mkono wa kulia halijui. Mwandiko wetu huanzia kushoto na kwenda kulia, kwa hiyo mkono wa kulia huivuta penseli na kuliacha neno wazi, ilhali mkono wa kushoto huisukuma penseli na kulifunika neno lililokwisha kuandikwa. Kwa kuwa kila mtoto anataka kuona anachoandika, mwenye shoto hujitafutia njia mwenyewe, na njia anayoipata upesi ni kukunja kifundo cha mkono, kiganja kikapanda juu ya mstari na ncha ya penseli ikageukia kifuani kwake. Wazazi wengi wakiuona mkunjo huo hudhani kwamba ndivyo watu wenye shoto walivyo. Kwa anayeanza, mara nyingi mkunjo huo huonyesha kwamba daftari limewekwa mahali pasipofaa, na ndiyo maana somo hili linaanza na karatasi kabla ya vidole. Ukimwambia mtoto anyooshe mkono huku daftari likiwa limesimama wima mbele ya kifua chake, atanyoosha kwa herufi mbili kisha ataukunja tena, kwa sababu bado haoni.

Kabla ya yote, hakikisha ni mkono gani autumiao kwa asili. Usitazame kijiko, kwa kuwa kula hufundishwa nyumbani. Tazama mambo ambayo hakuna aliyemfundisha: mkono anaorushia jiwe, anaochorea ardhini kwa kijiti, anaozungushia kifuniko cha chupa.

Hatua ya kwanza: daftari

Mketishe mtoto akielekea meza, kisha lisogeze daftari upande wake wa kushoto hadi ukingo wa kulia wa ukurasa uwe karibu na usawa wa kitovu chake. Akiwa na daftari katikati, mkono wa kushoto hubanwa na mbavu kila anapofika mwisho wa mstari, lakini likiwa kushoto, mkono una nafasi ya kwenda.

Sasa ligeuze daftari kwa kufuata mwendo wa saa, kona ya juu kushoto ipande na kona ya chini kulia ielekee tumboni kwake. Kiasi cha kugeuza hupimwa kwa mkono wake mwenyewe. Mwambie alaze mkono wa kushoto juu ya meza kwa namna inayomstarehesha, kiwiko kikiwa mbali kidogo na mwili, kisha ulinganishe ukingo wa kushoto wa daftari na mkono huo, viende sambamba. Kwa watoto wengi mlalo huo hufikia nyuzi 30 hivi, na wengine huhitaji zaidi. Mkono wa kulia ubaki kazini: unaushika ukurasa upande wa kulia, juu ya mstari unaoandikwa, na kulisukuma daftari juu kadiri mistari inavyoteremka, ili mkono unaoandika usije ukaning'inia ukingoni mwa meza.

Kosa linalotokea sana ni mwalimu kuliambia darasa zima lilaze daftari upande mmoja. Mlalo wa wanaotumia mkono wa kulia ni kinyume cha huu, na mwenye shoto akiufuata, hana budi kukunja kifundo. Nyumbani, bandika kipande cha selotepu juu ya meza kuonyesha ukingo wa daftari unapokaa. Shuleni mstari wa chaki juu ya dawati unatosha.

Hatua ya pili: penseli

Penseli hushikwa kwa vidole vitatu, kama kwa mtoto mwingine yeyote: gumba na kidole cha shahada vinaikamata, kidole cha kati kinaiegemeza kwa chini. Tofauti iko katika umbali. Mwenye shoto ashike juu kidogo zaidi, kiasi cha sentimita 3 kutoka kwenye ncha, ili vidole visizibe herufi inayoandikwa. Funga uzi wa rangi mahali hapo na umwambie vidole vyake vikae juu ya uzi. Mkia wa penseli uelekee bega la kushoto, kifundo kiwe kimenyooka, na kiganja kizima kikae chini ya mstari huku upande wa kidole cha mwisho ukigusa karatasi.

Mnunulie penseli laini, B au 2B, na usiichonge ikawa kali kama sindano. Penseli inayosukumwa huchimba karatasi, na ncha ngumu iliyochongwa sana hutoboa madaftari yetu mepesi. Mashimo madogo na mikwaruzo nyuma ya ukurasa hukuonyesha kwamba mtoto anakandamiza. Dalili nyingine ni kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada kubonyea kwa ndani na ukucha kuwa mweupe. Mwambie asimamishe kuandika, ainue kidole cha shahada na kukigongesha penseli mara kadhaa. Asipoweza kufanya hivyo bila penseli kuanguka, ameishika kwa nguvu mno.

Hatua ya tatu: mahali pa kukaa

Katika dawati la wanafunzi watatu, mwenye shoto akae ncha ya kushoto. Akiketi katikati au kulia, kiwiko chake cha kushoto hugongana na kiwiko cha kulia cha jirani yake, na anayeshindwa ni yule anayevuta mkono ndani, yaani anayeukunja. Wenye shoto wawili wanaweza kukaa pamoja bila kugombana. Kiti kikiwa kifupi hata meza ikamfikia kifuani, mwinue kwa kumkalisha juu ya kitu imara, kwa sababu anahitaji kuuona mstari kutoka juu ya mkono wake, kisha umwekee kitu chini ya nyayo ili miguu isining'inie.

Taa ya jioni iwekwe upande wake wa kulia. Ikiwa kushoto, kivuli cha mkono huangukia pale hasa anapotaka kuandika.

Lipo jambo moja ambalo husahaulika na ambalo mimi nalipa uzito mkubwa. Vitabu vingi vya mwandiko huweka herufi ya mfano mwanzoni mwa mstari, upande wa kushoto, na mkono wa mtoto huyu huifunika mara tu anapoanza kuinakili. Baadaye huonekana kana kwamba hakusikiliza, kumbe hakuwa na cha kutazama. Mwandikie mfano huo mara ya pili mwishoni mwa mstari, upande wa kulia, au juu ya mstari.

Mfano mmoja

Chukua msichana wa darasa la kwanza anayekaa ncha ya kulia ya dawati. Mstari wake wa neno "kaka" unaanza vizuri, kisha herufi zinapungua ukubwa na kupanda juu ya mstari kadiri anavyokwenda kulia. Upande wa kidole chake cha mwisho una weusi wa penseli, na kichwa amekilaza karibu na meza. Kila dalili ina chanzo chake. Herufi zinabanana kwa sababu daftari liko katikati na mkono umekosa nafasi, weusi unatoka kwa kiganja kupita juu ya maneno, na kichwa kinalala ili macho yapate kuchungulia chini ya mkono.

Kwanza anahamishiwa ncha ya kushoto, kisha daftari linasogezwa na kugeuzwa, na siku hiyo hakuna kingine kinachobadilishwa. Akishazoea mlalo huo, ndipo uzi unafungwa kwenye penseli. Mazoezi yawe mafupi, dakika 5 hadi 10, kwa herufi kubwa zaidi ya kawaida. Mwanzoni mwandiko utaonekana mbaya kuliko ule wa zamani, na herufi huenda zikalalia nyuma. Mzazi asiurudishe mkao wa kwanza kwa ajili ya hilo. Pima maendeleo kwa kuangalia kama kichwa kimeinuka na kama kiganja kinabaki chini ya mstari mpaka mwisho wake, kwa sababu uzuri wa herufi huja baadaye.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzazi wa Morogoro. Bibi yake anasema mkono wa kushoto ni wa chooni na anamtaka ahamie wa kulia. Nifanyeje?*

Marahaba. Mweleze bibi kwa heshima kwamba kula na kusalimia kwa mkono wa kulia ni adabu ambayo mtoto anaweza kufunzwa na kuishika, na kuandika ni kazi ya vidole inayotaka mkono wenye wepesi zaidi. Familia nyingi huyatenganisha mambo haya mawili bila ugomvi. Mtoto akilazimishwa kuhama, huandika polepole, huchoka upesi na huanza kulikwepa daftari.

*Mwanangu anasoma chuoni pia, hapa Lamu. Kwa Kiarabu ageuze daftari upande mwingine?*

Hapana, mlalo ni uleule, kwa kuwa unafuata mkono wake, wala haufuati upande mwandiko unakoelekea. Kwa Kiarabu yeye ndiye mwenye nafuu: anatoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo anaivuta penseli na maneno yanabaki wazi nyuma ya mkono. Mtazame anavyoandika huko. Ikiwa kifundo chake kimenyooka chuoni na kimejikunja shuleni, una hakika kwamba vidole vyake ni vizima na kinachohitaji kurekebishwa ni daftari la shuleni.

*Wangu yuko darasa la sita na anaandika kwa mkono uliokunjwa. Nimbadilishe?*

Kama mwandiko unasomeka, anakwenda kwa kasi ya wenzake na mkono haumuumi, mwache. Mazoea ya miaka mingi hayavunjwi bila gharama, na mwaka wa mitihani si wakati wake. Akilalamika maumivu ya kifundo au bega, anza na kuligeuza daftari kidogo kidogo, naye mwenyewe akiwa ameridhia.

*Anaandika jina lake kinyume, kutoka kulia. Ni ugonjwa?*

Kwa anayeanza, hapana. Watoto wa mikono yote miwili hugeuza herufi, na mkono wa kushoto huona wepesi kuvuta kuelekea kushoto. Weka nukta ya rangi kwenye pambizo la kushoto la kila mstari na umzoeze kuanzia hapo. Hali hiyo ikiendelea baada ya miaka 7 au 8, na kusoma nako kukiwa kugumu, zungumza na mwalimu wake ili achunguzwe.

*Mstari wa katikati wa herufi t anauvuta kutoka kulia. Nimsahihishe?*

Mwache. Kwake huko ndiko kuvuta, na herufi inatoka ileile. Lakini herufi a, d na o zianzie juu na kuzunguka kupitia kushoto kama za wenzake, kwa sababu zikizungushwa kinyume zitampa shida atakapoanza kuunganisha herufi.

*Akihamia kalamu ya wino, achague ipi?*

Ile ambayo wino wake hukauka mara moja na ncha yake haikwaruzi. Kalamu ya kawaida ya bei nafuu inafaa. Ijaribuni dukani kwa kuandika neno na kupitisha kidole juu yake papo hapo. Wino ukipakaa, chagueni nyingine.