Kuondoa mkono wa mtu begani kwenye picha ya marehemu

Picha nzuri ya mzee mara nyingi ni ya harusini, na begani pana mkono wa mtu asiyejulikana. Kwenye Photoshop wengi huanza na Clone Stamp hapohapo, koti likatoka na mabaka kama limepigwa pasi ya moto. Mimi huazima bega la pili.

Juzi mkono ulikuwa bega la kushoto la mzee. Nilizungushia Lasso bega la kulia, kuanzia kola hadi juu ya mkono wa koti, nikabonyeza Ctrl+J ili linakiliwe kwenye leya mpya, kisha Edit > Transform > Flip Horizontal. Nikalisogeza mahali pake na kulikunja kwa Warp, maana bega lililoegemewa huwa limeshuka kidogo. Maungio nikayaficha chini ya ukosi kwa maski na brashi laini. Kwenye mshono jicho halitafuti kosa.

Kinachoumbua kazi ni mwanga. Ukigeuza bega, mwanga nao unageuka, mzee anaonekana kama ana jua mbili. Weka Curves juu ya leya hiyo pekee (Alt+Ctrl+G) na uitie giza hadi ilingane na kifua. Kisha futa kivuli cha vidole kilichobaki kwenye kola. Hicho husahaulika sana!

Ukiazima bega la kushoto, ishia juu ya mfuko wa kifuani, la sivyo koti litakuwa na mifuko miwili. Kitenge chenye maandishi usikigeuze kabisa, herufi zitasomeka kinyume.