Somo: Kumwandikia mfanyakazi muhtasari baada ya kikao cha tathmini

Tuma muhtasari ndani ya siku 2 baada ya kikao, ukurasa mmoja, kwake yeye peke yake, nakala kwenye faili lake. Usiongeze jambo ambalo hamkulizungumza. Akikutana na lawama mpya kwenye karatasi, hata yale mliyokubaliana atayatilia shaka.

Tuchukue mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi.

1. Anza na anachokifanya vizuri, kwa tukio. "Unajituma" haimwambii aendelee na nini. Andika: "Mwezi Februari uligundua mifuko 12 ya saruji iliyoganda kabla hujasaini kupokea mzigo, ikarudishwa siku hiyohiyo."

2. Pengo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaandika tabia. "Huna umakini" ni neno la kubishaniwa. Andika kilichotokea, kiwango kilichotakiwa, na sababu mliyoiona pamoja: "Hesabu ya Ijumaa ilipishana na leja mara 3 kati ya 4 mwezi Machi. Inatakiwa zilingane. Tuliona kwamba mizigo ya jioni huingizwa kwenye leja kesho yake asubuhi." Sababu hiyo ndiyo itakayozaa lengo, ukiiacha, lengo litakuwa "ongeza umakini", na hakuna atakayejua limefikiwa lini.

3. Malengo yasizidi 3. Kila moja liwe na kipimo, tarehe, na msaada wako: "Kuanzia 7 Aprili kila mzigo uingizwe kwenye leja kabla lori halijaondoka. Mimi nitakupa msaidizi Jumanne na Alhamisi jioni. Tutapitia hesabu 15 Mei." Ahadi yako usiisahau. Msaidizi asipokuja, lengo hilo huwezi kumdai.

4. Malizia kwa kumwomba asahihishe usipomnukuu sawasawa, ndani ya siku 5.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, akikataa kusaini?*
Juu ya sahihi andika "Nimepokea na kusoma", si "Nakubali", na chini acha nafasi ya maoni yake. Akikataa bado, andika tarehe uliyomkabidhi, shahidi asaini. Usimlazimishe.

*Kuna kosa nililikumbuka baada ya kikao. Nilichomeke?*
Hapana. Mwite dakika 10, mlizungumze, kisha liingie na tarehe ya mazungumzo hayo.

*Huu muhtasari unatosha kumwachisha kazi baadaye?*
Peke yake hautoshi. Kwa Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinaangalia kama alikijua kiwango, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya haki ya kukifikia. Muhtasari unaonyesha alikijua. Kuhusu nafasi, mwajiri ataulizwa yule msaidizi wa Jumanne na Alhamisi alikuja kweli?