Kuhesabu bei ya mchango na wachangiaji wanaorudi, Ramadhani hadi Ramadhani

Kikundi chetu hapa Wete kinachangisha fedha za visima upande wa Micheweni, kule maweni ambako kuchimba ni kazi ya kupasua mwamba. Ramadhani ya 2024 tuliweka matangazo mawili ya kulipia Facebook na Instagram, shilingi laki sita kila moja. Tangazo A lilikuwa picha ya mtoto na ndoo, na chini yake namba ya kutumia fedha kwa simu. Tangazo B lilikuwa video fupi ya fundi akiwa shimoni anaeleza kazi ilipofikia, na mtu akibofya anafunguliwa mazungumzo ya WhatsApp na sisi.

Idd ilipofika, A lilionekana limeshinda. Ramadhani iliyofuata hesabu ikageuka. Nitakupitisha kwenye hesabu hiyo kama tulivyoifanya, na namba nimezizungusha ziwe nyepesi kufuata.

Hatua ya 1: Jua kila shilingi imeingilia mlango gani

Ukifungua Ads Manager utaona safu imeandikwa `Cost per result`. Kwa tangazo la WhatsApp, hiyo si bei ya mchango. Ni bei ya mazungumzo yaliyoanzishwa, na wengi wanaoanzisha mazungumzo husalimia tu wakaishia hapo. Mtu anapotuma fedha kwa simu, Facebook haioni chochote, kwa sababu malipo yamepita kwenye mtandao wa simu. Kwa hiyo bei ya mchango huwezi kuisoma pale. Lazima uitoe kwenye daftari lako mwenyewe.

Sisi tuliipa A namba yake ya kupokelea fedha ambayo haikuandikwa mahali pengine popote. B tukaliwekea salamu yake, yaani maneno yanayojiandika yenyewe mtu anapofungua mazungumzo. Ukitaka kutengeneza kiungo cha namna hiyo, kinakuwa hivi, na namba yako ukiiweka penye X:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naulizia%20kisima%20B
```

Anayepokea ujumbe akiona "kisima B" anajua mgeni ametoka wapi, bila kumuuliza.

Hatua ya 2: Mtu mmoja, mstari mmoja

Kwenye Ekseli tunaweka kurasa mbili. Ya kwanza ni ya michango, kila muamala na mstari wake. Ya pili ni ya watu: namba ya simu, tangazo lililomleta mara ya kwanza, mwaka wa kwanza kuchangia, kisha jumla yake ya mwaka 1445 na ya 1446. Miaka tunaandika ya Hijria, na sababu yake utaiona mbele.

Kosa linaloharibu ukurasa wa pili ni namba za simu. Mtu yuleyule anaandikwa 0777, kesho 255777, keshokutwa +255 777 na nafasi katikati. Daftari linamhesabu kuwa watu watatu, na akichangia tena anaonekana mgeni. Kwa namba za Tanzania, kata ubakize tarakimu 9 za mwisho. Namba ghafi ikiwa A2:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
```

Namba za Oman au Uingereza ziache zilivyo pamoja na msimbo wa nchi, maana urefu wake ni tofauti.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo programu haitakuonyesha. Kijana yuko London, ameona tangazo, lakini fedha anamtumia kaka yake aliye Konde, na kaka ndiye anayetuma kwa simu. Daftari linaandika kaka. Mwaka wa pili akitumwa mtu mwingine, utadhani umempoteza mchangiaji na kumpata mpya. Tuliongeza safu ya "kwa niaba ya nani", na kila mchango mkubwa kuliko kawaida tunapiga simu kuuliza.

Hatua ya 3: Andika gharama yote, na useme imetoka wapi

Chukua kiasi kilichotoka benki, si kile kinachoonyeshwa kwenye tangazo. Kodi na kubadilisha fedha za kigeni huongeza, na tofauti inaonekana ukilinganisha risiti na taarifa ya benki.

Fedha yetu ya matangazo ilitolewa na wanachama kwa kazi hiyo tu. Haikukatwa kwenye mchango wa kisima, na zaka haikuguswa kabisa. Ninalisema hili kwa sababu mtu akiuliza "katika elfu kumi yangu, ngapi imefika kisimani?" ni haki yake ajibiwe, na jibu lazima liwe ndani ya daftari kabla hajauliza.

Hatua ya 4: Gawanya

```
bei ya mchango         = gharama yote / idadi ya michango
bei ya mchangiaji mpya = gharama yote / wachangiaji wapya
bei ya aliyerudi       = gharama yote / waliorudi
```

Mstari wa kwanza na wa pili watu huvichanganya. Mtu mmoja aliyechangia mara tatu ndani ya mwezi anashusha bei ya mchango, lakini bado ni mtu mmoja. Na mchangiaji wa zamani aliyeliona tangazo akatuma sadaka yake ya kila mwaka hakuletwa na tangazo, angetuma hata bila hilo. Pakia namba za wachangiaji wa zamani kwenye Ads Manager kama `Custom audience`, kisha uwaondoe wasionyeshwe tangazo. Hutawaondoa wote, kwa kuwa namba aliyofungulia Facebook huenda si hii anayotumia, kwa hiyo waliobaki wachuje kwa daftari.

Baada ya kuchuja, A lilikuwa na wachangiaji wapya 300, kila mmoja kwa wastani wa shilingi 3,000. Jumla 900,000. B lilikuwa na watu 100, kwa wastani wa 8,000. Jumla 800,000. Mtu mmoja wa A alitugharimu 2,000 na wa B alitugharimu 6,000. Kikaoni wengi walisema B lifungwe, na kwa namba za siku ile nisingeweza kuwapinga.

Hatua ya 5: Pima kurudi kwa mwezi mwandamo

Mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Idd ya 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, kwa hiyo kumi la mwisho, wakati mikono inapofunguka kuliko wakati wote, karibu lote liliangukia Aprili. Mwaka 2025 Ramadhani iliisha Machi. Mwenzetu alilinganisha Aprili na Aprili akaja na karatasi inayoonyesha wachangiaji karibu wote wamekimbia. Hawakukimbia. Walishatoa Machi.

Ndiyo maana tunaandika 1445 na 1446. Aliyerudi, kwetu, ni mtu aliyechangia mara ya kwanza Ramadhani ya 1445, kisha akachangia tena wakati wowote baada ya Idd hiyo hadi Idd ya 1446. Mchango wa baada ya Idd ya kwanza unaandikwa kwenye safu ya 1446. Kabla ya Idd ya pili usitangaze asilimia yoyote, maana watu bado wana muda wa kurudi. Ikiwa safu B ni tangazo, C mwaka wa kwanza, na E jumla ya 1446:

```
=COUNTIFS(B:B,"A",C:C,1445,E:E,">0")
```

Ikatoa 15 kwa A. Nilipobadilisha herufi kuwa B, ikatoa 30.

Yaani kati ya 300 wa A walirudi asilimia 5, na kati ya 100 wa B asilimia 30. Waliorudi wa A walitoa wastani wa 4,000, jumla 60,000. Wa B walitoa wastani wa 10,000, jumla 300,000. Ukijumlisha Ramadhani mbili, A limeingiza 960,000 na B 1,100,000, kwa gharama ileile ya laki sita. Na mchangiaji mmoja aliyerudi ametugharimu 40,000 kupitia A, lakini 20,000 kupitia B.

Tofauti ya 5 na 30 ni kubwa, nikaiamini. Ingekuwa 12 na 15 kwa idadi ndogo kama hii, nisingehamisha hata shilingi moja, kwa sababu watu watatu tu waliosafiri au waliopoteza simu wanatosha kuigeuza.

Hatua ya 6: Tafuta kwa nini hawakurudi

Nilidhani watu wa picha ya mtoto ni watu wa huruma ya dakika moja. Huenda wamo. Lakini nilipofungua simu ya kikundi nilikuta sababu iliyo karibu zaidi.

Shaaban tuliwatumia wote taarifa ya kisima kwa orodha ya WhatsApp ya kutuma kwa wengi, tukitumia namba zilizokuwa kwenye taarifa ya miamala. Orodha ya namna hiyo humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Watu wa A walituma fedha wakaenda zao, hawakuwahi kuandika nasi neno moja, kwa hiyo karibu wote hawakuwa na namba yetu. Nilibonyeza ujumbe ule kwa muda mrefu, nikafungua `Info` kuona umewafikia nani. Majina ya watu wa A yalikuwa machache mno. Tulikuwa tumeandika taarifa nzuri, na picha ya maji yakitoka, wakaisoma wengine.

Wa B walikuwa wameshazungumza nasi. Mmoja aliandika: "Assalaamu alaykum ndugu yangu, kisima kimefika wapi?" Mwenzetu akamjibu: "Wa alaykum salaam dada yangu, tumekutana na mwamba, mafundi wanapasua, kesho nakutumia picha." Kesho akamtumia. Dada yule yumo kati ya wale 30.

Kwa hiyo tulibadilisha utaratibu wa A, picha yenyewe tukaiacha. Kila muamala ukiingia, ndani ya saa 24 anayehusika anamwandikia mtu huyo peke yake, si kwa orodha: anamtaja jina, kiasi kilichofika na kisima kinachokwenda, kisha anamtumia namba ya kikundi kama kadi ya mawasiliano na kumwomba aihifadhi. Tarehe aliyoshukuriwa inaingia kwenye safu yake.

Mwezi wa Rajab, kabla hatujawa na lolote la kuomba, tunatuma kwa orodha picha moja ya kisima na mistari miwili. Tunangoja siku mbili, kwa kuwa wapo waliozima simu au walioishiwa bando. Ambaye bado ana alama moja ya tiki tunamwandika pembeni, na yeye anapigiwa simu ya kawaida kabla Shaaban haijaandama.