Umebandikiwa meseji ya M-PESA na "hii inamaanisha nini?" tu: isome hivi, na ujue mahali maandishi yanaishia

Mimi ni wakala wa M-PESA hapa Kenya na hii kitu naletewa kila mara, mtu anakopi meseji anaituma kwa Watsapu, chini anaandika "hii inamaanisha nini?" basi. Hasemi kama ni yeye alipokea, kama ametumiwa na mteja anayetaka mzigo, ama kama kuna mtu anampigia saa hiyo hiyo akimwambia arudishe pesa. Na jibu linategemea hapo sana, kwa hivyo twende polepole na mfano mmoja (jina na namba nimetoa, na wewe ukibandika toa pia, nitaeleza kwa nini):

```
SGH4K7XXXX Confirmed. You have received Ksh2,500.00
from MTU FULANI 07XXXXXXXX on 17/7/24 at 3:42 PM
New M-PESA balance is Ksh3,120.45.
```

Hatua ya 1: jua hii meseji ni ya laini gani

"You have received" maana yake mwenye laini amepokea. Ingekuwa "sent to" basi mwenye laini ndiye ametuma, na "paid to" ni amelipa kwa till. Inaonekana kitu rahisi lakini wauzaji wengi wanaliwa hapa: mnunuzi anakuonyesha meseji ya "sent to" kwa simu yake, wewe unaona jina lako na kiasi, unatoa mzigo. Hiyo ni meseji yake, sio yako. Yako inafaa ije kwa simu yako, na ile namba ya muamala mwanzoni iwe sawa kabisa na yake, herufi kwa herufi, kwa sababu muamala ni mmoja.

Hatua ya 2: soma namba ya muamala

Ni herufi na tarakimu 10, na tatu za kwanza zinabeba tarehe. Ya kwanza ni mwaka: R ni 2023, S ni 2024, T ni 2025. Ya pili ni mwezi, A ni Januari mpaka L ambayo ni Disemba, kwa hivyo G ni Julai. Ya tatu ni siku, 1 mpaka 9 zinaandikwa hivyo hivyo, halafu A ni tarehe 10, B ni 11, unaendelea hivyo, H inaangukia 17. SGH basi ni tarehe 17 Julai 2024, na meseji inasema 17/7/24. Zimeoana.

Zikikataa kuoana, kwa mfano namba inaanza na SCH na tarehe imeandikwa Julai, hapo mtu amechukua meseji ya zamani ya Machi akabadilisha tarehe akasahau namba. Hiyo ikatae. Lakini zikioana usifurahi bado, maana huu mpangilio unajulikana na mtu akitaka kuutunga anautunga, ama anachukua namba ya kweli ya muamala mwingine wa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: kiasi, jina na gharama

Jina ni lile laini imesajiliwa nalo, sio lazima awe ndiye ameshika simu. Anaweza kuwa ametumia laini ya mamake, ama laini imeibwa, meseji haiwezi kukuambia.

Gharama angalia hivi: anayetuma ndiye anakatwa, kutuma 2,500 kwa bei zilizokuwepo Julai 2024 ni shilingi 33, na hiyo inaandikwa kwa meseji yake kama "Transaction cost". Kwa meseji ya kupokea kama hii hakuna. Ukiona "received" na gharama ya kutuma ziko pamoja, hayo ni maandishi ya kushonwa.

Hatua ya 4: balansi, na hapa usiharakishe

Hii ndiyo sehemu ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu moja tu: tapeli hajui ulikuwa na ngapi. Jina lako anaweza kujua, tarehe anajua, kiasi anatunga mwenyewe, lakini balansi lazima abahatishe ama aiache nje kabisa. Chukua balansi mpya utoe kiasi ulichopokea:

```
3,120.45 - 2,500.00 = 620.45
```

Sasa rudi kwa meseji ya M-PESA iliyotangulia kwenye simu yako uone iliishia na ngapi. Ikiwa ni 620.45 mpaka zile senti, hiyo ni dalili nzuri sana. Ikiwa ilikuwa 84.00 na haujaweka pesa katikati, kuna shida. Ukiwa na deni la Fuliza angalia pia kama kuna meseji nyingine imefuata, maana pesa ikiingia deni linakatwa lenyewe na unaandikiwa meseji ya pili yenye balansi iliyobaki, watu wanashtuka hapo wakidhani wameibiwa.

Lakini ona kitu kimoja, hii hesabu anaweza kuifanya mwenye laini peke yake. Mimi niliyebandikiwa siwezi, sijui ulikuwa na 620.45 ama ulikuwa na sufuri. Na kama aliyebandika ndiye anayetaka kukudanganya, ataandika balansi yoyote na hesabu itakubali.

Hatua ya 5: ambayo hakuna mtu anaweza kuthibitisha kwa kuangalia maandishi

Ukikopi meseji unaacha nyuma jina la aliyeituma. Ya kweli inaingia chini ya jina MPESA, pamoja na zile zako za zamani, ya uongo mara nyingi inatoka kwa namba ya kawaida ya 07 ama 01. Kwenye maandishi yaliyobandikwa hiyo tofauti haipo tena, na skrinshoti nayo inahaririwa. Pia siwezi kujua kama muamala umerudishwa baadaye, kama pesa bado iko, wala ilitumwa ya nini. Kwa hivyo nikiulizwa nasema "meseji hii inadai umepokea 2,500 tarehe 17 Julai saa tisa na dakika 42 alasiri", neno ni inadai, zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Hatua ya 6: angalia kwa akaunti, sio kwa meseji

Piga *334# ama fungua app ya M-PESA, uliza balansi, halafu toa mini statement uone kama huo muamala umo. Fanya mwenyewe kwa simu yako, usikubali mtu akuelekeze kwa simu akiwa hewani, na PIN hakuna mtu wa Safaricom atakuuliza. Muamala haumo? Hakuna pesa, hata meseji iwe nzuri vipi, na hiyo meseji iforwadi kwa 333.

Na kama umo kweli na mtu anapiga akisema alikosea namba, usimtumie wewe. Yeye ndiye anaforwadi meseji yake ya kutuma kwa 456 na Safaricom wanashughulikia. Ukimrudishia kwa mkono halafu aombe pia irudishwe kwa 456, unaweza kutoa 2,500 mara mbili.

Kuhusu kufuta jina, namba na balansi kabla ya kubandika: mtu akishajua umepokea ngapi, kutoka kwa nani, saa ngapi na umebaki na ngapi, anaweza kukupigia akijifanya kastoma kea na kukusomea muamala wako mwenyewe, na utamwamini. Namba ya muamala nayo funika zile za mwisho, acha tatu za mbele tu, hizo zinatosha mtu kukusomea tarehe.